Kiingereza Kinakaa Wapi? Kuandika Mazungumzo ya Vijana wa Mjini kwa Ajili ya Redio

"Maze, mi niko veri stresdi bikozi of ze loni nilitek kwa hiyo apu."

Aliyeandika mstari huu alikuwa na nia njema. Alitaka Kevo, kijana wa miaka 22 anayeishi Umoja, Nairobi, asikike kama vijana wa Umoja. Alijua kwamba vijana hao huchanganya Kiswahili na Kiingereza, naye akachanganya. Lakini mpe kijana wa Umoja mstari huo ausome kwa sauti, uone atakavyokwama. Atakwama kwenye "veri", atakwama kwenye "bikozi of ze", na akifika "nilitek" atasimama kabisa. Mwache sasa auseme kwa maneno yake mwenyewe, na utasikia kitu kama hiki:

"Maze niko stresdi. Ni hiyo loni nilichukua kwa apu."

Kiingereza bado kimo. Stresdi imebaki, loni imebaki, apu imebaki. Kilichoondoka ni Kiingereza kilichokaa mahali pasipo pake. Kwa mwandishi wa mchezo wa redio au wa podikasti ya vijana, swali la maana ni Kiingereza kikae sehemu gani ya sentensi, kinywani mwa nani, na mbele ya nani. Kiasi chake hujirekebisha chenyewe hayo yakishajulikana. (Mifano yote humu imeandikwa kwa tahajia ya jinsi inavyosikika. Kwa kazi ya redio hiyo ni njia nzuri ya kuandika muswada pia, kwa sababu mwigizaji akiona "konfam" atatamka konfam kama mtaani, na hatajitahidi kutoa Kiingereza cha mtangazaji wa taarifa ya habari.)

Lugha moja hujenga, nyingine hupachikwa

Watu wengi hudhani kuchanganya lugha ni kurusha maneno ovyo. Mwanaisimu wa Marekani, Carol Myers-Scotton, aliyefanya utafiti mwingi kwa mazungumzo yaliyorekodiwa Nairobi, alionyesha kinyume chake katika maandishi yake ya mwaka 1993. Katika sentensi iliyochanganywa, lugha moja hutoa fremu: mpangilio wa maneno, viambishi, upatanisho, vineno vidogo vya kuunganisha. Lugha ya pili hupachika ndani ya fremu hiyo maneno yenye maana nzito, yaani majina, mashina ya vitenzi na sifa. Kwa kijana wa Nairobi anayepiga gumzo na mwenzake, fremu kwa kawaida ni ya Kiswahili.

Ukilishika hilo, kosa la mstari wa kwanza linajitokeza lenyewe. "Of" na "ze" ni misumari ya fremu ya Kiingereza, na imepigiliwa kwenye nyumba ya Kiswahili. Ndiyo maana "hiyo loni" na "apu yangu" hupita bila shida, lakini "ze mkopo" na "mai rafiki" hazipiti kabisa. Kiswahili chaweza kuonyesha na kumiliki jina la Kiingereza. Vineno vidogo vya Kiingereza haviwezi kufanya hivyo kwa jina la Kiswahili.

Kitenzi ndicho mahali ambapo fremu huonekana wazi zaidi. Kijana husema nitaaplai, hawajakonfam, wameniblok, ukikansel. Nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa ni vya Kiswahili, na shina peke yake ni la Kiingereza. Shina hilo halibadiliki mwisho wake. Tunasema "napenda" na "sipendi", lakini ni "naaplai" na "siaplai", bila irabu kugeuka. Kwa hiyo viambishi vya Kiingereza vya wakati havina nafasi hapo: "alikanseldi" na "ananikonfyuzing" ni maneno ambayo waandishi huandika na hakuna kinywa kinachoyatoa, kwa sababu wakati umeshatajwa mwanzoni na "ali" na "ana".

Kauli ya kutendwa inahitaji uangalifu wa pekee. Shina la Kiingereza likishazoeleka, hupokea "iwa" kama vile lilizaliwa hapa: nimeblokiwa, amelistiwa. Hili la mwisho ni neno ambalo Mkenya yeyote aliyewahi kukopa kwa simu analijua. Kulistiwa ni jina lako kupelekwa kwenye kumbukumbu za wadaiwa, CRB. Lakini shina ambalo halijazoeleka halikubali kunyambuliwa hivyo, na mwandishi akililazimisha msikilizaji husikia kitu kilichotengenezwa mezani. Kipimo ni rahisi. Ukiwa na shaka kama shina linakubali "iwa", rudisha sentensi kwenye kauli ya kutenda na umpe mtu kazi hiyo. "Wamemfaya" inasemwa kila siku. Huna haja ya kutafuta namna ya kuigeuza kuwa ya kutendwa.

Si kila kitenzi hualika Kiingereza

Kwa nini "nitaaplai" inakaa vizuri na "nilitek" inakwaruza sikio, ilhali zote zina umbo lile lile? Kwa sababu vitenzi vya Kiingereza huja na mahali vilipotoka. Aplai imekuja na fomu za chuo na kazi. Konfam imekuja na ujumbe wa malipo. Fowadi, blok, skrinshoti na difolti zimekuja na simu na mikopo. Kila kimoja kimeingia kinywani pamoja na shughuli yake, na mara nyingi kijana hakuwahi kuifanya shughuli hiyo kwa neno lingine. Kuchukua, kula, kulala, kuogopa na kurudi alivijua kabla hajaenda shule. Hivyo hubaki Kiswahili, au hugeuka kuwa Sheng, lakini havigeuki Kiingereza bila sababu.

Vipo vitenzi vichache vinavyovuka mpaka huo. Nairobi "nishow", ambayo kwa tahajia yetu ni "nisho", imechukua nafasi ya "niambie" kwa vijana wengi, na "nikol" husikika sambamba na "nipigie". Hivyo ni vya kujifunza kimoja kimoja kwa sikio. Usivitumie kama ruhusa ya kutafsiri vitenzi vingine.

Kwa majina mambo ni mepesi zaidi. Jina la Kiingereza la kitu huingia kwenye ngeli ya "i" na "zi": loni imeingia, meseji zangu. La mtu hufuata upatanisho wa watu: maneja amekuja. Wingi wa "ma" hupenda sana majina ya Kiingereza Nairobi, mafrendi, makontakti. Jina na sifa yake zikitoka Kiingereza pamoja, huja kama kipande kimoja kisichovunjwa, na Kiswahili hukifunga kwa nyuma: bestfrendi wangu, lasti minit, plani B. Sifa pekee hukaa vizuri baada ya "niko": niko bizi, niko redi, niko stresdi. Ukiongeza "veri" umeanza kujenga kwa Kiingereza tena. Kijana akitaka kuongeza uzito hufanya hivyo kwa Kiswahili au kwa Sheng: niko stresdi sana, niko stresdi mbaya.

Mahali pengine ambapo Kiingereza kinakubalika ni kwenye mlango wa sentensi, kabla jengo halijaanza. "So", "bat", "aktuali" hutangulia sentensi nzima ya Kiswahili bila kuigusa ndani: "Bat sasa utafanya nini?" Hapa mji mmoja hutofautiana na mwingine. Nairobi "juu" hufanya kazi ya "kwa sababu", ile "juu" ya Kiswahili iliyopewa kazi mpya: "Sikuja juu sikuwa na fea." Mwandishi anayeandika "bikozi" kila mahali anasahau kwamba mtaa una neno lake tayari.

Namba na saa

Hapa ndipo msikilizaji hupotea kabisa, na si kwa suala la ladha tu. Saa nane ya Kiswahili ni saa mbili kwa hesabu ya saa za Kiingereza, na kinyume chake. Mstari unaosema "tupatane saa eiti" unamwacha msikilizaji kati ya saa mbili usiku na saa nane mchana, na redio haina maandishi ya kumsaidia. Kanuni inayofaa ni kwamba neno "saa" lifuatwe na namba ya Kiswahili, na namba ya Kiingereza isimame bila "saa". "Tupatane saa mbili" ni sawa, "nitakuwa hapo bai eiti" ni sawa. Kama saa hiyo ni ya kliniki kufunguliwa au ya mkutano ambao msikilizaji anaalikwa kweli, itaje kwa Kiswahili na uongeze asubuhi, mchana au jioni.

Pesa husemwa kwa lugha ya mtaa ikiwa ni ndogo na ya kawaida. Nairobi ni soo, ni ngiri au thao, na Dar es Salaam ni jero, ni buku, ni msimbazi. Deni, mshahara au ada hupanda daraja na kutajwa kwa namba kamili. Miaka Nairobi husikika zaidi kwa Kiingereza, "twenti twenti tu". Kijana wa Dar atasema "elfu mbili ishirini na mbili", na ukimpa ile ya Nairobi atasikika kama mgeni mtaani kwake.

Lugha hubadilika mtu anapobadilika

Fremu inaeleza sentensi itengenezwe vipi. Haielezi kwa nini mtu abadilishe lugha dakika hiyo. Hilo lategemea anazungumza na nani na anataka kusimama wapi mbele yake, na kwa mchezo wa redio hii ni hazina kubwa, kwa sababu msikilizaji haoni uso wala mavazi. Mabadiliko ya lugha ndiyo yatakayomwonyesha nani amepanda na nani ameshuka.

Tuchukue kisa cha Kevo. Amekopa shilingi 3,000 kwa apu ya mikopo na muda umepita. Simu inalia.

MDAI: Helou, em ai spiking tu Mista Kelvin?
KEVO: Yes. Spiking.
MDAI: Mista Kelvin, yo akaunti iz ovadyu. Unajua hivyo?
KEVO: Yes, ai no… ni vile sijalipwa bado.
MDAI: Sikiza kijana. Kesho nikikosa hiyo pesa nampigia mama yako.

Mistari mitano, lugha imehama mara tatu, na kila kuhama kumefanya kazi. Mdai anaanza kwa Kiingereza kizima, fremu na vyote, kwa sababu anazungumza kama ofisi. Kevo anajibu kwa Kiingereza ili asionekane mdogo, lakini kinamwishia pale anapotakiwa kujieleza, na "ni vile" inamtoka yenyewe. Msikilizaji amesikia hofu bila mwigizaji kulia. Kisha mdai anakiacha Kiingereza na kusema "Sikiza kijana", na hapo ofisi imetoweka, amebaki mtu anayemtisha mwenzake. "Mista Kelvin" amegeuka "kijana". Kama mdai angetisha kwa Kiingereza, tishio lingebaki karatasini. Kama angeanza kwa Kiswahili, pasingekuwa na ngazi ya kushuka.

Angalia pia kwamba Kiingereza cha mdai hakikuchanganywa ndani ya sentensi. Kilikuja sentensi nzima nzima. Mchanganyiko wa ndani ya sentensi ni alama ya urafiki na usawa. Sentensi nzima ya Kiingereza baina ya watu wanaojua Kiswahili wote wawili karibu kila mara huweka umbali: cheo, hasira baridi, aibu, au kunukuu maneno ya mtu mwingine. Mwandishi asipotofautisha hayo mawili, wahusika wake wote, mama, mwalimu, askari na mshikaji, huishia kuwa na sauti moja.

Kabla ya kuandika onyesho, inasaidia kuweka pembeni ya ukurasa mstari mmoja kwa kila jozi ya wahusika: Kevo kwa mdai, Kevo kwa rafiki yake Shiro, Kevo kwa mamake. Usiweke kwa mhusika mmoja mmoja. Kevo hana lugha moja. Mbele ya mamake Kiingereza hupungua hadi majina ya vitu tu, na Sheng hupotea karibu yote. Ile "mathe" atakayomtajia Shiro katika onyesho linalofuata haiwi neno la kumwitia mama ana kwa ana. Akimwita hivyo, msikilizaji ataelewa kwamba kuna jambo limeharibika nyumbani, na kama hukukusudia hivyo, umesema usichokitaka.

Ujumbe usizame

Onyesho linalofuata ndilo lililobeba sababu ya kipindi kuwepo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kupiga simu au kutuma ujumbe bila idhini kwa watu walio kwenye orodha ya namba za mkopaji. Vijana wengi wanaotishwa kama Kevo hawalijui hilo. Sasa litamkwe vipi na kijana, kwa kijana, bila kusikika kama tangazo?

Rasimu ya kwanza mara nyingi huwa hivi: "Zei ah not aloudi kukontakt watu wako akoding tu ze reguleshens." Hapa kila neno linalobeba ujumbe limefungiwa ndani ya Kiingereza, na fremu imebadilishwa katikati. Msikilizaji aliyekosa neno moja amekosa lote, na kwenye redio ya hewani hakuna kurudisha nyuma. Linganisha na hii:

KEVO: Shiro, hao watu wa loni watanimaliza. Ati kesho wanampigia mathe.
SHIRO: Na namba ya mathe wametoa wapi?
KEVO: Kwa fonibuku. Wakati wa kuinstol nilikubali tu kila kitu.
SHIRO: Zii, hiyo hawaruhusiwi. Tangu twenti twenti tu mtu wa loni hawezi pigia watu wako kudai deni.
KEVO: Hata mathe?
SHIRO: Hata mathe. Deni ni lako, basi wakupigie wewe.
KEVO: Lakini wamenitumia notisi ya CRB. Wameandika "thati deiz".
SHIRO: Siku thelathini kuanzia lini?
KEVO: Jumatatu.

Kiini cha ujumbe, "hawaruhusiwi" na "hawezi pigia watu wako kudai deni", kimekaa kwenye Kiswahili chepesi kabisa. Kiingereza kimebaki pembeni yake, kwenye loni, fonibuku, kuinstol, yaani kwenye majina ya vitu ambavyo msikilizaji anavijua kwa majina hayo hayo. Shiro amesema "hawezi pigia", bila "ku" na "wa" za Kiswahili sanifu, kwa sababu Nairobi ndivyo inavyotamkwa. Mhariri anayerekebisha hapo kuwa "hawezi kuwapigia" atakuwa ameokoa sarufi na kumpoteza Shiro.

"Hata mathe?" ni swali ambalo Kevo angeuliza kweli, na wakati huo huo linampa Shiro nafasi ya kuurudia ujumbe bila kuonekana anafundisha.

Mbinu nyingine iko kwenye "thati deiz". Kevo amenukuu ujumbe wa simu, na ujumbe ule uliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza chake ni halali. Ni nukuu. Lakini muda wa notisi ni jambo la lazima kueleweka. Shiro analirudia kwa Kiswahili ndani ya swali lake, kwa sababu anataka kujua tarehe. Tafsiri imepita bila mtu kutafsiri. Mbaya ni ile ambayo mhusika mmoja anasema jambo kwa Kiingereza na kulirudia mwenyewe papo hapo kwa Kiswahili, kama mkalimani wa mkutano wa hadhara. Watu hufanya hivyo wakisisitiza au wakigomba, "Nou! Nimesema hapana!", na hapo ina nguvu yake. Ikifanywa kwa ajili ya msikilizaji tu, hugundulika mara moja.

Onyesho lile lile likihamia Dar es Salaam

Mara nyingi kipindi kilichofaulu Nairobi hupelekwa Tanzania kwa kubadilishwa "maze" kuwa "oya" na maneno mengine machache. Hilo halitoshi, kwa sababu Kiingereza hakikuingia miji hii miwili kwa mlango mmoja. Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huanza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Kenya, Kiingereza hushika masomo mapema zaidi, kuanzia darasa la nne, na mjini mara nyingi tangu mwanzo. Matokeo yake, kijana wa Dar ana misimu mingi iliyotengenezwa kwa Kiswahili chenyewe, na Kiingereza chake hukaa zaidi kwenye shule, chuo, ofisi na simu. Hata huko hukivalisha Kiswahili haraka. Mwanachuo aliyefutiwa masomo amedisko, mwenye mtihani wa marudio ana sapu, na pesa ya mkopo wa serikali ikiingia ni bumu. Kwa sikio la Dar hayo si Kiingereza tena.

FRENKI: Oya Neema, nimeyakanyaga. Ule mkopo wa mtandaoni, jamaa wanasema kesho wanampigia maza.
NEEMA: Namba ya maza wameitoa wapi?
FRENKI: Kwenye simu yangu. Nilivyodaunlodi ile apu niliruhusu kila kitu.
NEEMA: Si ndo kausha damu yenyewe hiyo. Ulikopa shingapi?
FRENKI: Elfu hamsini. Sa'hivi wanadai themanini.

Loni imekuwa mkopo, kwa sababu kijana wa Dar ana neno lake na hulitumia. "Kausha damu" ni jina ambalo Watanzania wenyewe wameipa mikopo ya namna hii, na lina ukali ambao hakuna neno la Kiingereza lingeuleta. Upatanisho umerudi, "namba ya maza wameitoa", kwa kuwa hata mazungumzo ya vijiweni Dar huushika zaidi kuliko ya Nairobi. Kiingereza kimebaki mahali pawili tu, daunlodi na apu. Ukimpa Frenki "niko stresdi juu ya hiyo loni", msikilizaji wa Temeke atajua kwa neno la pili kwamba huyu ametoka Kenya. Hata "niko" yenyewe Dar mara nyingi huwa "nipo".

Mstari wa mwaka 2022 umeondolewa kabisa. Ile ni kanuni ya Kenya. Kinachopaswa kuwekwa mahali pake ni kile ambacho sheria na mamlaka za Tanzania zinasema, kilichothibitishwa na mtu wa huko, na mara nyingi hilo hubadilisha onyesho zima. Kuhamisha mchanganyiko wa lugha ni kazi ndogo kuliko kuhamisha ukweli ulio ndani yake.

Kujua kama imekaa

Jicho halitoshi kwa kazi hii. Muswada uliochanganywa huonekana mchangamfu kwenye karatasi hata ukiwa umekufa. Kwanza wape waigizaji wausome wakiwa wameketi, na uweke alama kila mahali mtu anaposita, hata kwa nusu sekunde. Kusita kabla ya neno la Kiingereza karibu kila mara ni dalili kwamba fremu imevunjika hapo au kitenzi si cha mtaani. Usimwulize mwigizaji "hii ni sawa?", kwa kuwa atasema ni sawa. Mwambie afunge karatasi, aiseme sentensi ile kwa rafiki yake, na uandike alichosema.

Pili, rekodi onyesho kwa simu na ulipigie vijana sita hadi wanane wa umri unaoulenga, kutoka mitaa miwili tofauti kama Umoja na Kibera, bila kuwapa karatasi. Halafu usiwaombe maoni. Waombe wasimulie kilichotokea. Sikiliza maneno wanayoyabadilisha. Kama uliandika "notisi" nao wote wanasema "meseji", umepata neno lako. Kama wanataja tishio lakini hakuna anayetaja kwamba simu kwa mama hairuhusiwi, ujumbe umezama, na mara nyingi utakuta umezamia kwenye kipande cha Kiingereza au kwenye mzaha uliofuata haraka mno. Mwishoni waulize swali moja tu la lugha: Kevo ametoka mtaa gani? Wakijibu "huyo ni wa Westlands" na wewe ulimweka Umoja, punguza sentensi nzima za Kiingereza kabla hujagusa kitu kingine.

Misimu ina shida ya muda. Kati ya kuandika na kurusha hewani huweza kupita miezi mitatu au zaidi, na neno lililokuwa moto mwezi wa kwanza huwa limepoa. Sheng huenda mbio kuliko kitu chochote katika muswada, na hutofautiana mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo jenga mistari kwa yale yasiyochakaa haraka: fremu ya Kiswahili cha mji husika, vitenzi vya simu na pesa, na maneno ya mtaa yaliyokwisha kudumu miaka mingi, kama msee, poa, noma, mshikaji, demu. Neno jipya kabisa liwe moja au mawili kwa kipindi, na liwekwe kwenye mstari unaoweza kurekodiwa upya peke yake bila kugusa onyesho. Hapo mwigizaji anarudi studio kwa dakika kumi wiki moja kabla ya kurusha, anasema neno la wiki hiyo, na mengine yanabaki yalivyo.